Nimeacha ugali usiku, nakula karanga na parachichi, mbona kilo zinapanda?

Mzee_wa_Tabata
Wakuu habari za jumapili. Naomba msaada wa mawazo maana nashindwa kuelewa. Tangu mwaka uanze nimeamua kupunguza mwili, nilikuwa na kilo 94, tumbo linatangulia mlangoni mimi nafuata. Nikaacha ugali wa usiku, nikaacha sukari kwenye chai, soda sigusi, nikahamia vyakula vya afya yaani karanga, parachichi, siagi ya karanga badala ya kula mkate mtupu, na jioni nagonga juisi ya parachichi nalala. Leo nimepanda mzani wa pale famasi nimekuta 96. Nikashuka nikapanda tena, 96. Sasa nauliza hivi vitu vinasaidia kweli au tunadanganyana humu mitandaoni? Kama karanga zinanenepesha mniambie mapema nirudi kwenye ugali wangu nilale nimeshiba.

Dr_wa_Mtaa
Mkuu mzani wa famasi huo usiuamini. Parachichi na karanga ni mafuta mazuri, mafuta mazuri hayanenepeshi, kinachonenepesha ni wanga na sukari basi. Kula parachichi hata 3 kwa siku hakuna shida, mwili unageuka unachoma mafuta badala ya sukari. We endelea tu, hizo kilo 2 ni maji.

Shangazi_Lishe
Kijana wa Tabata, kabla watu hawajakuchanganya, hebu niandikie ulichokula jana kuanzia asubuhi hadi unalala. Usiandike "kidogo" wala "kiasi", andika kijiko gani, kikombe gani, parachichi la ukubwa gani. Nimekaa kliniki miaka mingi, mtu akiniambia anakula kidogo huwa namwomba anioneshe hicho kidogo kwenye sahani.

Mwana_wa_Rungwe
Huku kwetu parachichi tunakula na ugali toka tunazaliwa, mababu walikuwa wanalima hadi magharibi na hakuna aliyekuwa na kitambi. Shida si parachichi, shida ni kukaa ofisini kutwa nzima halafu unasingizia tunda la watu

Kamanda_Mbichi
Karanga mbichi, nazi na mihogo mibichi mkuu, heshima ya ndoa inarudi. Uzito utajijua wenyewe

Shangazi_Lishe
@Kamanda_Mbichi baba, hapa tunazungumzia tumbo. Uzi wenu ule mwingine bado upo wazi.

Mzee_wa_Tabata
Haya shangazi, nimekaa na mke wangu tumeandika, yeye ana ule mzani mdogo wa kupimia keki kwahiyo tumepima kabisa.

Asubuhi chai ya rangi bila sukari, mkate wa brauni slaisi 2, nimepaka siagi ya karanga kijiko cha chakula kimoja kila slaisi. Mkate wenyewe nilikuwa nakula toka zamani ila mtupu. Tumepima siagi imetoka gramu 50 maana mimi kijiko changu kinakuwa na kilima. Saa nne ofisini kuna dada analeta karanga za kukaanga, naweka kwenye kile kikombe cha plastiki cha maji, nakula huku nafanya kazi, leo nimejaza kama ninavyojazaga, gramu 85. Mchana wali, maharage, mchicha kama kawaida yangu, nimeongezea nusu parachichi, yale makubwa ya Mbeya. Jioni sili, natengeneza juisi, nusu parachichi iliyobaki, maziwa fresh glasi kubwa kama mililita 300, asali vijiko viwili vya chakula kwa sababu sukari nimeacha. Nyama ya parachichi lote bila kokwa na ganda imekuja gramu 300.

Ni hivyo tu. Usiku sili kitu tena naapa.

Bint_Kisauni
Asali kwa sababu sukari umeacha 😂😂 pole baba

Shangazi_Lishe
Ahsante, na mwambie mkeo amefanya kazi nzuri. Sasa twende taratibu.

Karanga kavu karibu nusu ya uzito wake ni mafuta. Gramu moja ya mafuta inatoa kalori 9, gramu moja ya wanga au protini inatoa 4. Mafuta yatoke kwenye karanga, parachichi, nazi au kitimoto, ni hizo hizo 9. Kwa hiyo @Dr_wa_Mtaa umesema kweli kwa nusu, haya mafuta ni mazuri kwa moyo kuliko siagi ya ng'ombe na samli, ila uzuri wake haupunguzi kalori hata moja.

Gramu 100 za karanga za kukaanga zina kalori kama 585. Wewe umekula 85, hapo ni karibu 500. Siagi ya karanga gramu 50 ni kama 300. Parachichi ni tofauti kidogo, lenyewe limejaa maji, zaidi ya robo tatu au karibu na hapo, ndiyo maana gramu 100 zinakuwa kati ya 120 na 160. Haya makubwa yetu yenye maji mengi yanakaa upande wa chini, Hasi zile ndogo za ganda gumu zenye mafuta mengi zinakaa juu. Lako lote tuseme 400. Jumla 1,200, na bado sijagusa maziwa na asali. Maziwa yale 190 hivi, asali 125. Tumefika 1,500.

Sasa ulichotoa. Ugali wa usiku, kama ulikuwa unasonga unga wa gramu 150 kwa ajili yako, ni kalori 540. Sukari ya chai vikombe viwili tuseme 100. Umetoa 640 ukaingiza 1,500, mwanangu, halafu unashangaa mzani.

Mzee_wa_Tabata
Duh. Yaani kikombe cha karanga ni sawa na sahani ya ugali??

Shangazi_Lishe
Karibu sawa, ndiyo. Tofauti ni kwamba ugali ulikuwa unakaa mezani, unanawa, unakula, unajua umekula. Zile karanga umezila unaangalia kompyuta, na mchana ulipakua wali ule ule.

Hesabu_Kali
Naomba kuuliza kitu shangazi maana hesabu yako hainiingii. Kama anaingiza 860 zaidi kila siku toka Januari si angekuwa amefika kilo 110 huko? Yeye kapanda 2 tu. Kwahiyo ama kalori za karanga zimekosewa ama mwili unazitupa.

Shangazi_Lishe
Swali zuri na umeligusa penyewe. Majibu ni mawili, moja kubwa moja dogo.

Kubwa ni kwamba karanga zinashibisha, mtu anakula pungufu sehemu nyingine bila kujua. Kuna utafiti mdogo wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, uliotoka 2002, watu walipewa karanga za kama kalori 500 kila siku kwa wiki 8, yaani kama kikombe cha huyu bwana. Kwa hesabu za karatasi walitakiwa wapande kilo 3.6. Walipanda 1. Sehemu kubwa ya zile 500 walizifidia wenyewe kwa kula kidogo milo mingine. Ila angalia, walifidia sehemu kubwa tu, na bado walipanda. Naamini huyu wetu naye wali wake wa mchana umepungua bila yeye kuona.

Dogo ni hilo la kutupa. Karanga nzima ukiitafuna haisagiki yote, mafuta yanabaki yamefungiwa ndani ya vipande na kutoka navyo chooni. Walipima hili mwaka 1980 hukohuko Marekani, watu waliokula karanga nzima walitoa kama asilimia 18 ya mafuta kwenye choo, waliokula siagi ya karanga asilimia 7, waliokula mafuta yake ya maji asilimia 4 au 5.

Hesabu_Kali
Sasa si ndo hapo, 18% zinapotea!

Shangazi_Lishe
Piga hesabu mwenyewe basi, si ndiyo jina lako. Gramu 85 zina mafuta kama 42. Asilimia 18 ni gramu 7 na ushee, mara 9 ni kalori 65 hadi 70. Haifiki hata nusu chapati. Na waliopimwa walikuwa wachache, wamelishwa karanga kwa wingi kuliko tunavyokula. Ipo, ila usiijengee nyumba.

Nilichotaka mkione ni ile tofauti ya nzima na iliyosagwa. Mashine ikishakusagia kazi yote ya meno, unapata karibu kila kitu kilichomo, na zaidi unakula haraka. Gramu 50 za siagi unapaka dakika moja. Gramu 50 za karanga zenye maganda ya kumenya ni stori nzima ya mpira.

Nesi_wa_Zamu
Nichangie hapo kwenye kusagwa. Wodini kwetu watoto wenye utapiamlo mkali tunawapa ile pakti ya chakula dawa, wengi mnaijua kama Plampi Nati. Ni karanga zilizosagwa, maziwa ya unga, sukari, mafuta ya mimea, na vitamini na madini. Pakti moja gramu 92 tu ina kalori 500. Mtoto hana hamu ya kula, tumbo dogo, unamminyia mdomoni anaramba, na uzito unapanda wiki kwa wiki. Sasa mtu mzima mwenye kilo 94 anachukua karanga zilizosagwa, anaongeza asali na maziwa pembeni, halafu anaita daieti. Viungo ni karibu vilevile kaka

Mzee_wa_Tabata
Nesi umeniua. Yaani nimekuwa najitibu utapiamlo 🙆🏾‍♂️

Miss_Kimbaumbau
Jamani mimi naomba niulize tofauti kidogo, mimi nina kilo 45 nataka kunenepa hasa hips, kwahiyo hii juisi ya parachichi na asali niinywe mara ngapi? Na hiyo pakti ya nesi inauzwa wapi?

Nesi_wa_Zamu
Dada ile pakti ni ya watoto wagonjwa, haiuzwi, ukiiona dukani ujue imeibwa kwa mtoto wa mtu. Juisi kunywa baada ya chakula, siyo badala yake. Ila haiwezi kuchagua iende hips au iende wapi, hilo mwili unaamua wenyewe.

Otieno_wa_Umo
Salamu kutoka Nairobi. Mimi naona mnaionea njugu bure. Nilipunguza uzito nikila njugu karanga kila siku, na sikuwa napima kalori yoyote. Siri ni moja, nilikuwa natoka kazi saa kumi njaa inaniuma, nikipita kwa kibanda nachukua mandazi matatu na soda. Nikabadilisha, ile njugu ya kufungwa kwa karatasi, ile ndogo, na maji. Nikifika nyumbani sina ile njaa ya kumaliza sufuria. Kilo zilishuka pole pole. Sasa niambie zinanenepesha aje?

Shangazi_Lishe
Otieno wewe ulizifanya kuwa mbadala. Mandazi matatu na soda huenda ni 600 au 700, kikaratasi chako kina gramu 30 hivi ambazo ni 175, tena kikaratasi kikiisha kimeisha, huna kopo la kurudia. Mwenzako ameziongeza juu ya kilichokuwepo. Ndiyo maana nyote wawili mnasema kweli.

Dr_wa_Mtaa
Bado sikubaliani shangazi. Kuna watu wanakula mafuta tupu bila wanga na wanapungua, nimewaona kwa macho. Na parachichi lina utafiti kwamba linakata mafuta ya tumboni.

Shangazi_Lishe
Wanaopungua kwa kuacha wanga wapo wengi, sibishi. Wakishaacha ugali, wali, mkate, chapati na soda kwa pamoja, kilichobaki cha kula ni kichache na kinashibisha. Huyu hakuacha wanga, anakula mkate asubuhi na wali mchana.

La parachichi kukata tumbo, lilipimwa vizuri. Vyuo kadhaa vya Marekani vilichukua watu karibu elfu moja wenye matumbo makubwa, nusu wakapewa parachichi moja kila siku kwa miezi 6, nusu wakaendelea na maisha yao. Matokeo yalitoka 2022. Walipiga hadi picha za mafuta ya ndani ya tumbo. Hayakupungua kuliko ya wenzao. Lehemu ile mbaya ilishuka kidogo sana. Lakini, na hapa ndipo napapenda, hawakupanda uzito pia, ingawa kila siku wameongeza kitu chenye kalori zaidi ya 200. Kwahiyo parachichi halikati tumbo, na moja la wastani likiliwa na chakula wala halileti tumbo. Hilo lao lilikuwa Hasi, dogo nusu ya hili lako la gramu 300, na hawakulisaga na asali.

Mwana_wa_Rungwe
Si nilisema mimi, tunda halina kosa

Fundi_Majiko
Swali, karanga za kukaanga kwenye mchanga au chumvi si hazina mafuta? Mimi nakula hizo tu naacha zile za kukaangwa na mafuta za kwenye pakti. Nilijua hapo nimeshakwepa kalori

Shangazi_Lishe
Umekwepa mafuta ya kuongeza na hiyo ni nzuri, ila mafuta yake yenyewe yamo yote. Mchanga unaondoa maji tu, wala haukamui mafuta. Kavu mbichi ni kama 567 kwa gramu 100, zikikaangwa 585, unaona zinapishana kidogo tu.

Zenye tofauti ya kweli ni za kuchemsha na maganda yake, zile za kwenye beseni stendi. Zinakunywa maji mpaka gramu 100 zinabaki na kalori 320 hivi. Ukila uzito uleule unapata karibu nusu, na kumenya moja moja kunakuchelewesha. Kama nina mtu asiyeweza kuacha karanga namhamishia huko.

Hesabu_Kali
Na zile za kuchemsha mafuta yanayopotea chooni ni asilimia ngapi? Maana zimelainika, zinasagika vizuri mdomoni, kwahiyo huenda ile faida ya nzima inaondoka

Shangazi_Lishe
Hapo umenishika, sijawahi kuona waliopima hilo kwa za kuchemsha. Mawazo yako yanaweza kuwa sahihi. Ila hata ukipoteza ile faida, maji yamekupunguzia zaidi.

Otieno_wa_Umo
Na mchague jameni. Zile zimesinyaa, zenye ukungu ama chungu mdomoni tupa. Huku 2019 siagi kadhaa za njugu zilitolewa sokoni kwa ajili ya ile sumu ya kuvu. Kwa njugu nzima unaona mbaya, ikishasagwa huoni kitu.

Nesi_wa_Zamu
Huku tunaita sumukuvu. Na kuzikaanga hakuimalizi msijidanganye

Mzee_wa_Tabata
Sawa wakuu sasa shangazi nipe mpango, ila usiniambie niache kabisa maana hizi karanga nimezizoea na dada wa ofisini ananitegemea.

Shangazi_Lishe
Huachi. Chagua sehemu moja ya karanga kwa siku, siyo mbili. Ukitaka za saa nne basi asubuhi mkate kula na yai. Hizo za saa nne ni kiganja kimoja kisichofurika, gramu 30, weka kwenye kikombe cha kahawa kile kidogo halafu dada aondoke na kopo lake. Hapo kutoka 800 za siagi na kikombe umebaki na 175, yai la kuchemsha linaongeza kama 75.

Parachichi nusu tu kwa siku, kama 200, tena kwenye mlo wenye wanga na wanga huo upungue. Yaani ukiweka parachichi kwenye wali, kijiko kimoja kikubwa cha wali kinarudi kwenye sufuria. Usipokirudisha umeongeza tu.

Juisi ya usiku ifute. Hiyo siyo kwa sababu ya parachichi, ni kwa sababu unakunywa mlo mzima kwa dakika tatu. Rudi mezani ule ugali mdogo, unga gramu 80 hadi 100, mboga za majani nyingi, samaki au maharage. Huo ugali ni kalori 300 na kitu. Ukijumlisha vyote umeshuka kama mia tano hivi kutoka unapokula sasa, na utalala umeshiba.

Mzee_wa_Tabata
Ugali umerudi!!! Mke wangu ameshangilia kuliko mimi

Dr_wa_Mtaa
Haya mimi nasubiri matokeo, ila asali naitetea bado, asali ni dawa

Bint_Kisauni
Dawa vijiko viwili vya chakula kila usiku daktari, hiyo ni dozi ya nyuki mwenyewe. Shangazi na sisi wa pwani je? Huku mboga bila nazi si mboga. Kisamvu tunatia nazi na karanga pamoja, na mafuta ya kukaangia kitunguu juu yake.

Shangazi_Lishe
Hapo bibi wa Kisauni umegusa sufuria langu. Nazi moja iliyokomaa ina nyama ya zaidi ya kalori elfu moja, na ingawa machicha yanabaki na mafuta yake kiasi, tui la kwanza linabeba mengi. Karanga za kusaga kikombe kimoja kidogo ongeza mia nne au tano. Mafuta vijiko vitatu vya chakula ni 360. Sufuria likiliwa na watu sita, kila mmoja anapata kama 300 kwenye mboga tu, kabla ya ugali. Na mafuta ya nazi hayafanani na ya karanga na parachichi, ni yale yanayoganda, kwa moyo sitayasifia.

Usitie vyote. Siku ya nazi acha karanga, siku ya karanga acha nazi, na kitunguu kwenye kisamvu kichemke nacho bila kukaangwa, tui litafanya kazi ya mafuta. Ukitumia tui la pili lililo jepesi kuchemshia, la kwanza tia kikombe kimoja tu mwishoni, ladha utaisikia ileile.

Bint_Kisauni
Kikombe kimoja tu? Mama mkwe akionja nitarudishwa kwetu.

Shangazi_Lishe
Basi mpikie yeye pembeni na tui lake zito.

Miss_Kimbaumbau
Samahani naomba basi kisamvu hicho chenye vyote vitatu mnipe vipimo vyake vizuri